Spana ya torki haioni nati iliyokazwa kupita kiasi

"Fundi hufunga nati za magurudumu yangu kwa mashine ya upepo, halafu anapitisha spana ya torki juu ya kila nati mpaka ilie. Anasema hapo kazi imethibitishwa. Wiki tatu baada ya kufungiwa hivyo nilipata pancha. Nina kilo 75, nikasimama juu ya spana ya tairi yenye urefu wa sentimita 35, nati hazikutikisika. Nilipoongeza bomba, stadi moja ikakatika. Kitabu cha gari kinasema 103 Nm na stadi ni za milimita 12. Sasa nimenunua spana ya torki iliyokwisha tumika. Fundi alikosea wapi, na nitajuaje kama spana yangu inapima kweli?"

Spana ya torki hulia nguvu ya kuzungusha nati, yaani torki, inapofikia kipimo ulichoiwekea. Ukiivisha kwenye nati iliyokwisha kazwa mara mbili ya kipimo hicho, italia vilevile, tena upesi, na nati haitasogea hata unywele. Mlio huo unakwambia kwamba nati haiko chini ya 103 Nm. Iko juu kwa kiasi gani, haukwambii. Kosa la fundi wako liko hapo hapo: alitumia kifaa kinachoona upande mmoja tu kuthibitisha pande zote mbili. Nimeona mafundi waangalifu, wenye nia njema kabisa, wakifanya hivi kwa miaka, na sababu ni kwamba mlio ule unatuliza moyo wa fundi na wa mteja.

Tuanze na namba ulizotoa, maana zinasema mengi. Kilo 75 zinasukuma chini kwa nguvu ya niutoni 736 hivi. Ukisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 35 iliyolala sawa, unaipa nati 736 × 0.35, yaani karibu 257 Nm. Nati haikutoka. Kwenye nati kavu isiyo na kutu, nguvu ya kufungua kwa kawaida huwa pungufu kidogo ya ile iliyotumika kufunga, kwa sababu mteremko wa meno ya stadi unasaidia kuirudisha nati nyuma. Kutu ingeweza kubadilisha hesabu hiyo, lakini wiki tatu ni muda mfupi. Kwa hiyo nati zako zilifungwa kwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kipimo cha kitabu, kisha spana ya torki ikapitishwa juu yake na ikalia kama ilivyotengenezwa kulia.

Sasa, kwa nini stadi ilikatika? Watu wengi hudhani torki ndiyo inayoshikilia gurudumu. Kinachoshikilia gurudumu ni mvuto ulio ndani ya stadi. Unapokaza nati, stadi inavutwa na kurefuka kidogo sana, kama springi ngumu, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakobana rimu dhidi ya habu. Rimu ikibanwa vizuri, msuguano kati yake na habu ndio unaobeba mzigo wa kuendesha na wa breki, na stadi haziguswi sana na misukosuko ya njia. Torki ni njia tu ya kukadiria mvuto huo kutoka nje, na ni kadirio la juujuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inamezwa na msuguano: karibu nusu chini ya nati, pale inapokalia rimu, na nyingine nyingi kwenye meno. Kinachobaki kwa ajili ya kuvuta stadi ni kama sehemu moja kati ya kumi.

Mafundi na wahandisi hutumia kanuni moja fupi kukadiria mvuto huo:

```
F = T / (K × D)
```

Hapa F ni mvuto kwa niutoni, T ni torki kwa Nm, D ni kipenyo cha stadi kwa mita, na K ni namba ya msuguano, ambayo kwa chuma kikavu huchukuliwa kuwa 0.2 hivi. Weka 103 kwa T na 0.012 kwa D, utapata mvuto wa karibu niutoni 43,000 kwa kila stadi. Ni sawa na kuning'iniza tani 4 na ziada kwenye kila moja. Stadi ya milimita 12 yenye meno ya milimita 1.5, ikiwa ni ya daraja la 10.9, inaweza kuvutwa hadi karibu niutoni 73,000 na bado ikarudi kwenye urefu wake. Torki inayolingana na hapo, kwa kanuni ileile, ni 175 Nm. Kupita hapo stadi inaanza kurefuka moja kwa moja. Haitarudi tena, na kila ikikazwa upya inakonda zaidi.

Ukiweka 257 kwenye kanuni utaona mvuto unaozidi hata nguvu ya kuikata stadi nzima, nawe utauliza kwa nini hazikukatika zote siku ile ile zilipofungwa. Jibu liko kwenye ile K. Nati inayopigwapigwa kwa nguvu nyingi huchimba kikalio chake kwenye rimu na kukwaruza meno, msuguano unapanda, na sehemu kubwa zaidi ya torki inapotelea huko. K ikifika 0.3, torki hiyo hiyo ya 257 Nm inatoa mvuto wa niutoni 71,000 hivi, pale pale ukingoni. Ndiyo maana kwenye gurudumu moja stadi nne zinaweza kuokoka na ya tano ikafa. Ulipoongeza bomba, ile iliyokuwa imechoka zaidi ndiyo iliyokubali.

Kanuni hiyo ina upande wake wa pili, nao ni hatari kwa watu wanaojitahidi. Mtu anapaka mafuta au grisi kwenye meno ili nati isishikwe na kutu, kisha anakaza kwa kipimo cha kitabu. K inashuka, tuseme hadi 0.12, na 103 Nm zilezile zinavuta stadi kwa zaidi ya niutoni 71,000. Amekaza kupita kiasi kwa spana sahihi, kwa namba sahihi. Kipimo cha kitabu kimewekwa kwa meno makavu na safi, isipokuwa kitabu chenyewe kiseme vingine. Safisha meno kwa brashi ya waya na kitambaa, basi. Kwenye habu, pale rimu inapoingia katikati, unaweza kupaka grisi kidogo sana ili isigande, lakini isifike kwenye stadi wala kwenye vikalio vya nati.

Sasa mashine ya upepo. Sina ugomvi nayo kwa kufungua. Kwa nati iliyogandana ni bora kuliko bomba, kwa sababu inapiga vipigo vifupi vinavyovunja kutu bila kumtegemea mtu kuning'inia juu ya wenzo. Kwa kufunga, shida yake ni kwamba haina namna ya kujua imefika wapi. Ndani yake kuna nyundo inayozunguka na kugonga kitako cha soketi mara nyingi kila sekunde. Kila kipigo kinaisogeza nati kidogo, na kadiri unavyoendelea kubana kitufe ndivyo inavyozidi kusogea. Mashine ya kawaida ya nusu inchi inaweza kutoa 400 Nm, na nyingi siku hizi zinapita hapo kwa mbali. Kwa stadi inayohitaji 103, tofauti kati ya sahihi na kuharibu ni sekunde moja au mbili za kidole.

Wengine hunijibu kwamba mashine yao ina swichi ya nguvu, namba 1 hadi 3 au 4, na wao huiweka ya kwanza. Swichi hiyo inapunguza upepo unaoingia. Haipimi kinachotoka. Kinachofika kwenye nati kinategemea tangi la kompresa limejaa kiasi gani, mpira wa upepo ni mrefu na mwembamba kiasi gani, umetumia soketi fupi au umeunganisha kirefusho, na hata mashine ilipakwa mafuta lini. Nati ya kwanza inapata upepo wa tangi lililojaa. Ya tano inapata uliobaki. Mashine ya betri ina tabia hiyohiyo betri inapoisha. Matokeo yake ni gurudumu ambalo nati moja iko 250 na jirani yake iko 140, na kutolingana huko kunaumiza habu na diski ya breki kwa namna yake: diski inabanwa kwa mkazo usio sawa, inapinda kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho, na baada ya maelfu ya kilomita inakuwa imelika zaidi upande mmoja. Dereva anaanza kuhisi pedali ya breki ikimpiga mguuni, analaumu diski, anabadilisha diski, na gurudumu linafungwa tena kwa mashine ileile.

Kuna vile vyuma virefu vya rangi rangi vinavyowekwa kati ya mashine na soketi ili kupunguza nguvu. Vinajikunja kidogo kila kipigo na kumeza ziada. Vinasaidia, lakini kila kimoja kimekadiriwa kwa mashine ya nguvu fulani, na ukikiweka kwenye mashine yenye nguvu zaidi, au ukashikilia kitufe muda mrefu, kitapita kile kilichoandikwa. Mimi huvichukulia kama breki ya dharura. Nati bado lazima imaliziwe kwa mkono.

Na hapa ndipo lilipo jaribio ninalokuomba ulishike kuliko mengine yote, maana linakufaa hata ukiwa umesimama tu pembeni unamtazama fundi. Spana ya torki inapovishwa kwenye nati, nati lazima izunguke kabla spana haijalia. Robo ya mzunguko inapendeza, hata moja ya nane inatosha kuona kwa macho. Ikizunguka kisha ikalia, umeifikisha kwenye 103 ukitokea chini, na kipimo kina maana. Ikilia bila nati kusogea, hujui lolote isipokuwa kwamba imepita. Dawa yake ni moja: ilegeze nati hiyo kabisa, kisha uikaze upya kutoka chini. Kuirudisha nyuma kidogo huku ikiwa bado imebana hakutoshi, kwa sababu msuguano uliokwisha kujengeka utakudanganya.

Kwenye gurudumu lako, kabla ya kurudisha rimu, chunguza stadi zilizobaki. Chukua nati mpya ya aina ileile na uizungushe kwa vidole peke yake juu ya kila stadi iliyosafishwa, kuanzia ncha hadi chini. Kwenye stadi nzima itateleza njia nzima. Kwenye stadi iliyorefuka itaanza vizuri, halafu mahali fulani katikati itakaza bila sababu. Pale umbali kati ya jino na jino umebadilika, na haulingani tena na wa nati. Hakikisha pia kwa kulaza stadi mpya kando yake, meno yakiingiliana: kwenye iliyovutika utaona mwanga ukipenya kuelekea mwisho. Wakati mwingine kuna kiuno, sehemu iliyokonda kuliko nyingine, na hiyo huhitaji kipimo chochote kuiona.

Kwa hali yako, mimi ningebadilisha stadi zote za gurudumu hilo hata zikipita jaribio la kidole. Moja imekatika, zilizobaki zilifungwa siku ileile kwa mkono uleule, na majirani wa iliyokatika wamebeba mzigo wake. Magurudumu mengine matatu yafungue moja moja, uyapime kwa kidole, ubadilishe zinazokataa. Tazama na vikalio kwenye rimu. Kama ni rimu za alumini na tundu la nati limebonyea, limevimba ukingoni au lina mikwaruzo ya mviringo, nati haitakaa sawa tena hata ukiikaza kwa kipimo sahihi. Linganisha pia umbo la nati na la kikalio. Kuna za koni, za mviringo kama nusu mpira, na za bapa zenye washa, na hazibadilishani.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Futa kutu na tope kwenye uso wa habu na mgongo wa rimu, kwa sababu uchafu uliobanwa hapo utasagika baada ya safari chache na kuacha nafasi, na nati italegea ingawa uliikaza vizuri. Anzisha kila nati kwa vidole, angalau mizunguko mitatu au minne. Nati inayokataa vidole imeingia upande, na mashine ingeilazimisha bila wewe kujua. Zibane kidogo kwa spana ya kawaida kwa mpangilio wa nyota, ukiruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala nayo, gari likiwa bado juu ya jeki. Shusha hadi tairi liguse chini kiasi cha kutozunguka, weka spana ya torki kwenye 60 Nm, pita nyota nzima, kisha 103, pita tena. Shika mpini pale palipowekwa alama ya mkono, vuta polepole kwa mwendo mmoja, na uache mara tu inapolia. Watu wengi huvuta tena "kwa uhakika", mara mbili mara tatu, na kila kivuto huongeza kidogo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, pita tena kwa 103 magurudumu yakiwa yamepoa. Sasa nati iliyosogea kabla ya mlio inakwambia kitu kilikuwa bado kinajikalisha mahali pake, na kama imesogea sana, vua gurudumu utafute uchafu au kikalio kibovu.

Tuje kwenye spana yako iliyokwisha tumika. Ndani yake kuna springi inayobanwa unapozungusha mpini, na springi hiyo ndiyo inayoamua lini ilie. Aliyekuwa nayo kabla yako pengine aliiacha kabatini ikiwa imebanwa kwenye namba kubwa kwa mwaka mzima, akaiangusha sakafuni, au akafungulia nati zilizogandana kwayo. Lolote kati ya hayo linaweza kuihamisha. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu spana ya mlio yenye skeli kukosea kwa asilimia 4 juu au chini ikiwa uwezo wake unazidi 10 Nm. Kwa 103, hiyo ni kati ya 99 na 107. Kosa la kiasi hicho gurudumu halilijali. Unalotafuta ni spana iliyopotea kwa asilimia 10, 15, au zaidi, na hiyo unaweza kuikamata mwenyewe kwa ndoo ya maji.

Bana kitako cha mraba cha spana, kile kinachoingia kwenye soketi, kwenye jiliwa imara ili mpini ulale sawasawa kama rula juu ya meza, ukielekea upande ambao uzito utaivuta kwa kukaza. Pima umbali kutoka katikati ya kile kitako hadi alama ya mkono kwenye mpini. Tuseme umepata sentimita 42. Hapo ndipo utakapotundika kamba nyembamba ya ndoo, kwa kuwa spana nyingi za mlio hubadilisha jibu kidogo ukizivuta mahali pengine. Weka spana kwenye 90 Nm na uilize mara tano sita kwa mkono kwanza, ili grisi ya ndani iliyolala isambae. Mlio wa kwanza baada ya kukaa muda mrefu mara nyingi huwa wa uongo.

Spana yenyewe ina uzito, nao unachangia. Ipime kwenye mizani, kisha iweke juu ya kidole kimoja utafute mahali inaposimama bila kuinama. Tuseme ina kilo 1.5 na inasimama sentimita 18 kutoka kitakoni. Inachangia 1.5 × 9.81 × 0.18, yaani 2.6 Nm. Kwa hiyo ndoo inadaiwa 87.4 Nm. Kila kilo iliyotundikwa kwenye sentimita 42 inatoa 9.81 × 0.42, yaani 4.12 Nm. Gawanya: unahitaji kilo 21.2. Kama ndoo tupu na kamba yake vina kilo 1, unahitaji lita 20 za maji na kidogo, maana lita moja ya maji ina kilo moja.

Tumia ndoo inayopita lita 20 ili usikwame. Anza na lita 17. Inua ndoo kwa mikono yako, iache ishuke taratibu mpaka kamba ichukue uzito wote, na usikilize. Isipolia, inyanyue, ongeza nusu lita, ishushe tena. Usiiachie ghafla. Ndoo inayodondoka hata sentimita mbili huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, na utapata mlio wa bure. Iache ining'inie karibu na sakafu, maana spana inapolia mpini huteremka kidogo. Rudia zoezi zima mara tatu na uandike lita kila mara.

Kusoma jibu ni rahisi, kwa sababu kwenye mpangilio huu lita moja ni karibu asilimia nne na nusu ya 90 Nm. Ikilia kati ya lita 19 na 21, ifunge nayo magurudumu bila wasiwasi. Ikilia kwenye lita 17, ilifikia 77 Nm tu huku skeli ikisema 90. Ingekuachia nati zilizolegea, na hilo lina hatari ya haraka kuliko kukaza kupita kiasi. Ikisubiri hadi lita 23, inatoa 101 mahali pa 90, na kwenye 103 zako itakuwa inakaribia 116. Majibu yakirukaruka, mara 18 mara 22, tatizo si marekebisho. Kuna kitu ndani kimechakaa au kimekauka, na spana hiyo usiitumie mpaka ifunguliwe.

Usichukulie jaribio hili kuwa zaidi ya lilivyo. Sentimita moja ukiikosea kwenye 42 ni zaidi ya asilimia mbili, na unapima mahali pamoja tu kwenye skeli. Kwenye maabara ya vipimo spana hupimwa kwenye asilimia 20, 60 na 100 ya uwezo wake wa juu, mara kadhaa kila mahali, na hilo ndilo linaloonyesha kama springi imelegea upande mmoja wa skeli. ISO 6789 inashauri, pale ambapo mtumiaji hana ratiba yake, kupima upya baada ya miezi 12 au milio 5,000, chochote kitakachotangulia. Kwa gereji inayofunga magurudumu kutwa, hiyo milio 5,000 hutimia kabla ya mwaka: magari 10 kwa siku yenye nati 20 kila moja ni milio 200 kwa raundi moja tu, yaani siku 25 za kazi. Kwa mtu anayefunga magari mawili ya nyumbani, kalenda ndiyo inayotawala. Omba cheti kinachoonyesha namba zilizopatikana kabla ya kurekebishwa na baada ya kurekebishwa. Zile za kabla ndizo zitakazokwambia magurudumu uliyofunga mwaka mzima yalikuwa katika hali gani.

Na ikiwa spana yako itapita ndoo, ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya skeli yake, bila kuvuka chini ya hapo, maana springi ikiachwa huru kabisa vipande vya ndani vinaweza kuhama mahali pake. Kufungulia nati, tumia ile spana ya sentimita 35. Ukifunga kwa 103 zilizopimwa, safari ijayo hutahitaji kusimama juu yake: kilo 30 za mkono kwenye ncha yake ni 103 Nm.